Risasi ya kwanza, blumu na mkao: namna ya kuipima AK-47 mwenyewe na kujua lini upumzishe kidole

Katika kila sehemu ya gemu, iwe Michenzani au Chake Chake, lawama ni ile ile: "Nimemuweka katikati ya kichwa, risasi imekwenda wapi?" Mara nyingi anayelalamika hasemi uongo. Alama ya kulenga ilikuwa juu ya kichwa na kidole kilibonya wakati wake, lakini gemu ikaipeleka risasi pembeni kwa makusudi, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Mwongozo huu unaonyesha risasi inapelekwa pembeni kiasi gani, nini kinaongeza kiasi hicho na nini kinakipunguza. Zaidi ya hayo, unaonyesha namna ya kupima haya yote wewe mwenyewe ukutani, usitegemee maneno ya watu.

Mfano wetu ni bunduki moja, AK-47 ya Counter-Strike 2. Tumeichagua kwa sababu gemu hiyo ni ya bure, uwanja wa mazoezi unafunguka kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ina amri zinazokuruhusu kuzima kitu kimoja na kukiacha chengine. Ukishaielewa AK, bunduki za gemu nyengine utazipima kwa njia hiyo hiyo.

Mambo mawili yasichanganywe

Kuna teke na kuna mtawanyiko. Teke ni bunduki kupanda na kuyumba kila unapofyatua. Kwenye Counter-Strike teke la AK lina njia yake inayojirudia: risasi za mwanzo zinapanda juu, za baadaye zinakwenda kushoto na kulia. Kwa kuwa njia ni ile ile kila mara, mkono unaweza kuisoma na kuivuta chini.

Mtawanyiko ni jambo jengine kabisa. Kila risasi inapotoka, gemu huchora duara lisiloonekana kuzunguka mahali bunduki inapoelekea, kisha huchagua nukta moja ndani ya duara hilo kwa bahati nasibu. Hakuna mkono unaoweza kuizuia bahati nasibu hiyo. Unachoweza kufanya ni kulifanya duara liwe dogo kabla ya kufyatua.

Duara hilo lina ukubwa wake wa chini, unaoupata ukiwa umesimama kimya na hujafyatua karibuni. Huo ndio usahihi wa risasi ya kwanza. Kila risasi inayotoka hulipanua duara, na ukiacha kufyatua hujifunga polepole mpaka lirudi pale pale. Kupanuka huku ndiko wachezaji wanakoita blumu. Kutembea, kukimbia na kuruka navyo hulipanua duara, tena kwa kiasi kikubwa kuliko blumu.

Basi mtu anapokwambia "dhibiti teke" kumbe tatizo lako ni blumu, unaweza kuvuta maus mpaka mkono uume na risasi bado zitatawanyika. Ndiyo maana tunaanza kwa kuvitenganisha.

Hatua ya 1: Tayarisha uwanja

Nenda kwenye mipangilio ya gemu, washa `Enable Developer Console`, kisha anzisha mchezo wa mazoezi peke yako kwenye ramani ya Dust II. Gemu inajiendesha ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo intaneti ya kusuasua haiharibu kipimo. Fungua konsoli kwa kitufe kilicho chini ya Esc, andika amri hizi moja moja:

```
sv_cheats 1
mp_ignore_round_win_conditions 1
bot_kick
mp_warmup_end
mp_freezetime 0
mp_roundtime_defuse 60
mp_restartgame 1
```

Subiri mchezo ujianzishe upya, halafu endelea:

```
sv_infinite_ammo 1
sv_showimpacts 1
sv_showimpacts_time 40
cl_showpos 1
weapon_recoil_scale 0
give weapon_ak47
```

Amri mbili katika hizi ndizo zenye kazi kubwa. `weapon_recoil_scale 0` inazima teke, kwa hiyo kila unachokiona ukutani ni mtawanyiko mtupu. `sv_showimpacts 1` inaweka kijisanduku pale risasi ilipogonga: chekundu ni kile kompyuta ya mchezaji ilichokiona, cha buluu ni kile seva ilichokubali. Hesabu vya buluu. Anayeamua nani amekufa ni seva.

`cl_showpos 1` inakuonyesha ulipo kwa vipimo vya gemu. Kipimo kimoja ni sawa na inchi moja, sentimita 2.54. Kwa hiyo vipimo 400 ni kama mita 10, 800 ni mita 20, na 1200 ni mita 30 hivi. Tafuta ukuta mpana usio na mapambo, ujipange uso kwa uso nao, uugonge, usome namba, kisha rudi nyuma moja kwa moja mpaka namba moja ibadilike kwa 1200.

Hatua ya 2: Pima risasi ya kwanza

Simama kimya. Weka alama ya kulenga kwenye nukta moja ukutani na usiiguse tena maus ila kwa kubonya. Fyatua risasi moja, hesabu sekunde nzima, fyatua nyengine. Fanya hivyo mpaka risasi 30. Sekunde nzima ni zaidi ya inavyohitajika, lakini kwa kipimo hiki tunataka duara liwe limefunga kabisa kila mara. Usipunguze idadi: bahati nasibu ikipewa risasi 5 inaweza kukuonyesha bunduki nzuri leo na mbovu kesho.

Utaona vijisanduku vimejikusanya katikati na vichache vimetoka nje. Hivi sivyo kwa bahati tu. Gemu huchagua kwanza umbali kutoka katikati, halafu upande, na umbali wote una nafasi sawa. Matokeo yake ni kwamba nusu ya risasi huangukia ndani ya nusu ya umbali kutoka katikati hadi ukingoni, ingawa sehemu hiyo ni robo tu ya eneo la duara. Hili ni jambo la kukumbuka, kwa sababu linamaanisha kwamba kulenga katikati hasa kuna faida kubwa. Aliyelenga ukingo wa kichwa anaipoteza faida yote hii.

Sasa hesabu. AK ukiwa umesimama ina duara la takriban miliradiani 7 kutoka katikati hadi ukingoni. Miliradiani moja ni sentimita 1 katika mita 10, hivyo hesabu zinafanyika kichwani: sentimita 7 katika mita 10, sentimita 14 katika mita 20, sentimita 21 katika mita 30. Hapa ndipo inapotoka ile namba ya mita 21.74 inayotajwa kuwa masafa sahihi ya AK. Maana yake ni kwamba hadi hapo, risasi ya kwanza ya mtu aliyesimama haitoki nje ya sahani yenye upana wa sentimita 30.

Lakini kichwa si sahani. Tukichukulia kwamba kutoka katikati ya kichwa hadi ukingo ni sentimita 10, basi katika mita 10 risasi ya kwanza iliyolengwa katikati haiwezi kukosa. Ikikosa, kosa ni lako, umelenga vibaya au ulikuwa bado unatembea. Katika mita 30 duara ni sentimita 21, kichwa kinalijaza hadi nusu ya nusu-upana wake, na risasi ya kwanza itagonga kichwa mara moja katika kila mara mbili. Angalia vijisanduku vyako 30: karibu 15 viwe ndani ya sentimita 10, yaani vipimo 4 kutoka ulipolenga. Ukipata 12 au 18 bado ni kawaida. Ukipata 6, ulitikisa maus au hukusubiri.

Nusu kwa nusu ndiyo hali halisi ya AK kwa mbali, na mchezaji aliyeijua hashangai wala hakasiriki. Anapanga vyengine.

Hatua ya 3: Ongeza blumu

Sogea pembeni penye ukuta safi, ubaki kwenye mita 30 zile zile. Lenga, kisha kamata kitufe mpaka risasi 30 zitoke. Teke limezimwa, kwa hiyo hazipandi. Hata hivyo doa lililoko ukutani sasa lina upana zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Tofauti hiyo ndiyo blumu, na hakuna namna ya kuivuta kwa maus.

AK hutoa risasi 600 kwa dakika, moja kila sehemu ya kumi ya sekunde. Kila risasi inaongeza takriban miliradiani 7.8 kwenye duara. Ukisimama, nyongeza hiyo hupungua hadi sehemu moja ya kumi kwa sekunde 0.37 hivi. Haipungui kwa mwendo mmoja: mwanzoni inashuka kwa kasi, baadaye inajikokota. Baada ya sekunde 0.1 imebaki kidogo zaidi ya nusu, na hapo ndipo risasi ya pili inapotoka ikiwa umekamata kitufe.

Fuatilia risasi moja moja. Ya kwanza ina duara la 7. Ya pili inakuta mabaki ya ya kwanza, inatoka na duara la 11. Ya tatu inatoka na 13 na kitu, ya nne na 14.6, ya tano na 15. Kuanzia hapo nyongeza na upungufu vinakaribia kulingana, na duara linasimama kwenye 16 hata ukimwaga magazini nzima. Kwa mita 30, ya pili inatawanyika ndani ya sentimita 34 na ya tano ndani ya sentimita 46. Nafasi ya kichwa imeshuka kutoka nusu hadi chini ya theluthi kwenye risasi ya pili, na hadi kama moja katika tano kwenye ya tano. Hapo teke bado hatujaliongeza.

Tazama hapa vizuri: hasara kubwa kabisa iko kati ya risasi ya kwanza na ya pili. Kutoka ya pili hadi ya tano duara linaongezeka kwa kiasi kile kile cha kutoka ya kwanza hadi ya pili. Ndiyo maana risasi ya kwanza ina thamani kuliko zote, na ndiyo maana aliyekwisha mwaga risasi nne hana sababu ya kuacha ghafla akiwa karibu na adui. Duara lake halitazidi kuharibika sana. Aendelee, avute teke.

Hatua ya 4: Tafuta mdundo wa kidole

Hesabu hizi zinatupa mdundo wa kudonoa, yaani kufyatua risasi moja moja. Ukifyatua kila sekunde 0.2, duara linasimama kwenye 10 hivi. Kila sekunde 0.3, linasimama kwenye 8.4 hivi. Kila sekunde 0.4, kwenye 7.7. Hadi lirudi 7 utasubiri karibu sekunde nzima.

Ukitoka 0.1 kwenda 0.2 unaokoa miliradiani 6. Ukitoka 0.3 kwenda 0.4 unaokoa chini ya 1, na katika sehemu hiyo ya sekunde adui amekwisha kukujibu. Kwa maoni yetu, kwa mita 30 mdundo bora uko kati ya 0.25 na 0.3, yaani risasi tatu au nne kwa sekunde. Anayedonoa moja kwa sekunde anajinyima risasi mbili tatu kwa ajili ya usahihi ambao hatauona kwa macho.

Mafungu ya risasi tatu yana kazi yake kwa masafa ya kati, mita 15 hadi 20, ambapo unataka kichwa lakini kifua nacho kinatosha. Ya kwanza inatoka na duara la 7, ya pili 11, ya tatu 13. Achia kitufe kwa sekunde 0.4, na risasi inayofuata inatoka na 8.2 tu. Ukiachia kwa 0.2, inatoka na 11, kwa hiyo fungu lako la pili linaanza pale fungu la kwanza lilipokuwa katikati. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote kwa wanaocheza kwa mafungu: idadi ya risasi ni sahihi, mapumziko ni mafupi mno. Mtu anadhani amefyatua mafungu matatu, gemu inaona mmwago mmoja wenye mikwaruzo.

Fanya zoezi hili na teke likiwa bado limezimwa: mafungu matano ya risasi tatu na mapumziko ya 0.2, kisha kando yake mafungu matano na mapumziko ya 0.4. Weka madoa mawili ubavu kwa ubavu. Macho yatakushawishi haraka kuliko namba. Kisha rudisha teke:

```
weapon_recoil_scale 2
```

Rudia zoezi. Sasa risasi ya pili na ya tatu zitapanda, nawe uvute maus chini kidogo kwa kila risasi. Ukitaka kujua kama unavuta sawasawa bila bahati nasibu kukuchanganya, geuza upande wa pili: acha teke, zima mtawanyiko.

```
weapon_accuracy_nospread 1
```

Kinachobaki ukutani sasa ni mkono wako mwenyewe. Kama mafungu yanarudi mahali pamoja, mkono uko sawa. Kama yanapanda ngazi, unachelewa kuvuta. Ukimaliza andika tena amri hiyo kwa 0. Ukisahau, utajiona bingwa mazoezini na mchezo wa kweli utakutoa kijasho, maana huko mtawanyiko haujazimwa.

Hatua ya 5: Mkao

Kuchuchumaa kunapunguza duara la AK kutoka 7 hadi 5.4 hivi. Kwa mita 30 ni sentimita 16 badala ya 21, na nafasi ya kichwa inapanda kutoka nusu hadi karibu tatu katika tano. Blumu nayo inafunga haraka kidogo, sekunde 0.31 badala ya 0.37. Ni faida ya kweli, lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Bei yake ni kwamba huwezi kuhama haraka. Ukichuchumaa kwa mita 10 hupati kitu chochote kwenye risasi ya kwanza, kwa sababu pale tayari ilikuwa haikosi, na umejifunga miguu.

Chuchumaa basi kwa mbali, penye pa kujikinga, au ukiwa umeshaanza kumwaga na hutaki kuacha. Usichuchumae kwa kila pambano kama mazoea, kwani adui anayekujua atashusha alama yake mapema na kukusubiri chini.

Mwendo ni habari kubwa zaidi. AK ikiwa mkononi unakimbia kwa kasi ya vipimo 215 kwa sekunde. Ukifyatua kwa kasi hiyo, duara linaongezeka kwa takriban miliradiani 175. Kwa mita 10 tu risasi inaweza kwenda karibu mita 1.8 upande wowote. Blumu ya magazini nzima haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo. Kuruka kunaharibu zaidi, na hata baada ya kutua duara huchukua muda kufunga, kwa hiyo usifyatue mguu unapogusa ardhi.

Habari njema ni kwamba adhabu ya mwendo inaondoka yote mara kasi inaposhuka chini ya asilimia 34 ya kasi ya juu, ambayo kwa AK ni 73. Huhitaji kusimama kabisa, unahitaji kushuka chini ya 73. Kutembea polepole kwa Shift bado kuko juu ya mpaka huo, asilimia 52, kwa hiyo kunyata na kudonoa kwa mbali ni kujidanganya.

Unashukaje haraka? Ukiwa unakimbia kulia kwa D na ukaachia tu, msuguano wa gemu unakuleta chini ya 73 kwa sekunde 0.2 hivi. Ukiachia D na papo hapo ukagusa A, unafika kwa chini ya sekunde 0.1. Gusa tu, usikamate, la sivyo utaanza kukimbia kushoto. Mpangilio ni huu: achia D, gusa A, fyatua, wala usifyatue pamoja na A. Wengi wanabonya vyote kwa mpigo mmoja na risasi inatoka kasi ikiwa bado juu ya 100.

`cl_showpos 1` inaonyesha pia kasi, kwa hiyo hili unalijaribu kwa macho. Kimbia sambamba na ukuta kwa mita 10, simama kwa njia hii, fyatua moja. Fanya mara 20. Kijisanduku kilicho ndani ya sentimita 7 ulisimama kweli. Kilichoruka nusu mita kando, hukusimama. Hakuna la katikati, na ndiyo uzuri wa kipimo hiki: adhabu ikiwepo hata kidogo inapanda ghafla, kwa hiyo kosa linaonekana wazi.

Kesi moja, mwanzo hadi mwisho

Uko kwenye njia ndefu ya Long A ya Dust II, adui anatokeza kwenye pembe, mita 30 kutoka kwako. Umetoka kukimbia kulia. Achia D, gusa A. Sehemu ya kumi ya sekunde imepita, kasi iko chini ya 73, alama iko kwenye kichwa. Risasi ya kwanza: nafasi nusu.

Imekosa. Hapa ndipo vidole vinataka kukamata kitufe. Usikamate, kwa sababu ya pili ingetoka na nafasi chini ya theluthi. Subiri sekunde 0.3, fyatua tena ukiwa na duara la 8.2, nafasi zaidi kidogo ya mbili katika tano. Risasi mbili kwa mdundo huu zinakupa nafasi ya karibu asilimia 70 ya kugonga kichwa angalau mara moja. Mmwago wa risasi nne kwa muda ule ule wa sekunde 0.3 unazidi hapo kwenye karatasi, lakini kwa sharti uvute teke kikamilifu risasi zote nne, na ni wachache wanaoweza hivyo kwa mita 30.

Kama adui amekuja hadi mita 12, kila kitu kinageuka. Duara la 16, baya kuliko yote, ni sentimita 19 tu kwa umbali huo. Blumu haikuumizi tena kwa kiasi kikubwa. Mwaga, uvute.

Kwenye Valorant na kwenye simu

Valorant ina fikra ile ile. Bunduki yake ya Vandal bila kulenga kwa darubini ina duara la digrii 0.25, karibu miliradiani 4.4. Ukilenga kwa darubini inashuka hadi 0.157, ila kasi ya kufyatua na ya kutembea nazo zinashuka. Pima kwenye uwanja wake wa mazoezi, `The Range`, ukuta na risasi 30. Amri za kuzima teke hakuna, kwa hiyo risasi ya kwanza utaipima vizuri lakini blumu itakuja imechanganyika na teke.

Kwenye simu, kwa mfano PUBG Mobile, ingia uwanja wa mazoezi na ufanye madoa manne ya risasi moja moja: umesimama bila kulenga, umesimama ukilenga, umechuchumaa ukilenga, umelala ukilenga. Doa la bila kulenga ndilo litakalokushangaza. Kisha tafuta muda wa blumu kwa sikio: fyatua kwa mdundo, punguza mapumziko kidogo kidogo mpaka doa lianze kutanuka, halafu rudi nyuma hatua moja. Huo ndio mdundo wa bunduki hiyo. Kila bunduki ina wake, na watengenezaji hubadilisha namba wanapotoa toleo jipya, hivyo ukihisi bunduki imebadilika, rudi ukutani.

Kusoma kosa

Risasi ya kwanza ikienda mbali sana kando, ulikuwa unatembea. Tazama miguu, usiguse kasi ya maus. Ya kwanza ikigonga na zinazofuata zikipanda mstari mmoja, ni teke. Zikitapakaa pande zote bila mpangilio, ni blumu, ongeza mapumziko. Na ukiwa umesimama, umesubiri, umelenga katikati, mita 30, na bado imepita sikioni, basi ile ilikuwa nusu nyengine ya bahati. Fyatua ya pili baada ya sekunde 0.3.